Mguu Unapogusa Ardhi

Usiku wa tarehe 14 Septemba 2025, katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo, Oblique Seville wa Jamaika alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 akawa bingwa wa dunia. Asubuhi yake, Alphonce Simbu wa Tanzania aliingia uwanja huohuo akitokea barabarani, kilomita arobaini na mbili zikiwa nyuma yake, akimfukuzia Amanal Petros wa Ujerumani. Mita chache kabla ya utepe Petros alikuwa bado yuko mbele. Simbu akamfikia. Petros akajirusha kifua mbele, akaanguka chini, na kwa muda hakuna aliyejua nani kashinda. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mstarini ndiyo iliyoamua: Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya riadha ya dunia.

Ukiugawa muda wa Simbu katika vipande vya mita mia mia, kila kipande kinapata kama sekunde kumi na nane na nusu. Mwendo huo si wa ajabu. Mwanafunzi wa sekondari mwenye afya, akivua viatu na kukaza roho, anaweza kukimbia mita 100 kwa sekunde kumi na nane. Kazi ni kurudia hivyo mara mia nne ishirini na moja bila kupumzika, halafu ubakize kitu cha kumpita Mjerumani. Seville naye, laiti angeweza kudumu na kasi yake ya wastani, angeimaliza marathoni kwa saa moja na dakika tisa hivi. Hawezi. Mwendo ule aliuwekea sekunde kumi tu.

Maelezo yanayotolewa mitaani ni kwamba mmoja ana nguvu na mwingine ana pumzi. Si uongo, lakini hayatufikishi mbali, kwa sababu mapafu na moyo vinaweza kuwa vizuri vilevile kwa wote wawili na bado kila mmoja akashindwa kazi ya mwenzake. Tofauti kubwa imo ndani ya nyama ya paja na ya kigimbi, katika nyuzi ambazo hazionekani kwa macho.

Anayetaka kuanza kuielewa aende jikoni. Kuku wa kienyeji aliyechemshwa bila viungo vingi ana nyama za rangi mbili: kidari cheupe, paja la kahawia. Ukikichambua kidari kwa vidole, nyama inachanika kwa urefu, vijiti vijiti. Kila kijiti ni tita la nyuzi, na kila uzi ni seli moja, nyembamba kama unywele au pungufu yake, lakini inaweza kuwa na urefu wa sentimita kadhaa. Kuku hushinda kutwa nzima amesimama, anatembea, anaparua. Paja lake halipumziki. Mabawa anayahitaji pale tu mbwa anapomkurupusha au jioni anapopanda mtini kulala. Kishindo kifupi, basi.

Sasa mweke njiwa pembeni yake. Kidari cha njiwa ni chekundu cha kukoza, karibu na rangi ya maini, maana njiwa huruka masafa marefu na kazi ya kifua chake haiishi. Wavuvi wa pwani wanalijua jambo hili kwa upande wa samaki: jodari, anayesafiri baharini usiku na mchana, ana nyama nyekundu, na changu anayekaa miambani na kuchomoka ghafla ana nyama nyeupe.

Wekundu huo si damu iliyobaki. Unatokana na mayoglobini, protini inayofanana na ile ya damu, ambayo kazi yake ni kupokea oksijeni na kuihifadhi ndani ya uzi wenyewe. Uzi wenye mayoglobini nyingi huwa pia na mitokondria nyingi, yale matanuri madogo ya seli yanayochoma sukari na mafuta kwa oksijeni, na huwa umezungukwa na mishipa midogo ya damu, kapilari, inayouletea mahitaji na kuondoa taka. Uzi mweupe umenyimwa sehemu kubwa ya hayo. Una akiba yake ndogo ndani, na ukiitumia huisha.

Hapo lazima tahadhari itolewe, kwa sababu vitabu vingi vya shule hukomea hapohapo. Rangi inaeleza jinsi uzi unavyolishwa. Haielezi moja kwa moja uzi unavuta kwa haraka kiasi gani. Kifua cha njiwa ni chekundu, lakini nyuzi zake nyingi ni za kasi. Zingekuwa za polepole, bawa lisingepigika vile. Ndiyo maana wataalamu hawasemi tena nyekundu na nyeupe, bali wanahesabu aina tatu katika mwili wa binadamu. Aina ya I ni nyuzi za taratibu, zinazolishwa vizuri na kuchoka kwa shida. Aina ya IIx ni nyuzi za kasi kuliko zote, zenye nguvu na zinazochoka upesi. Katikati ipo Aina ya IIa, yenye kasi lakini pia yenye mitokondria za kutosha, na hii ya katikati itarudi tena katika habari hii kwa sababu ndiyo yenye mambo.

Kwa binadamu aina hizi hazikai mbalimbali kama kidari na paja. Zimechanganyika. Kipande cha msuli kikikatwa kwa upana, kikatiwa rangi maalumu na kuwekwa chini ya hadubini, huonekana kama ubao wa dama uliochorwa na mtu mwenye haraka: dirisha jeusi, dirisha jeupe, la kijivu, jeusi tena. Hata hivyo baadhi ya misuli ina upande wake. Chini ya kigimbi kuna msuli bapa unaotusaidia kusimama tusianguke kifudifudi. Nyuzi zake, zaidi ya nne kwa kila tano, ni za taratibu. Msuli unaofumba jicho ni kinyume chake, karibu wote wa kasi, na si vigumu kuona kwa nini: inzi hasubiri. Paja la mbele kwa mtu wa kawaida liko karibu nusu kwa nusu.

Je, uzi wa kasi una nini hasa kinachoupa kasi?

Ndani ya kila uzi mna protini iitwayo mayosini, yenye vichwa vidogo vinavyoshika protini nyingine iliyo kando yake na kuivuta. Mfano wake ni wavuvi waliopanga mstari ufukweni wakivuta juya. Mkono hushika kamba, huvuta, huachia, husogea mbele na kushika tena. Wakati wowote baadhi ya mikono imeshika na mingine imeachia, na kamba haikomi kuja. Katika msuli, kila mzunguko wa shika-vuta-achia hulipiwa kwa molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo fedha taslimu ya seli. Mayosini ya uzi wa kasi na ya uzi wa taratibu hazifanani. Ya kwanza hushika na kuachia upesi sana. Ya pili hushika, ikang'ang'ania, ndipo ikaachia.

Kutokana na hilo, uzi wa taratibu ukichokozwa mara moja na neva huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kufikia kilele cha mvuto wake. Uzi wa kasi huchukua kama nusu ya muda huo. Kwa mtu anayenyanyua ndoo ya maji tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa Seville ina maana kubwa mno. Mkimbiaji wa mita 100 aliyekwisha kufikia kasi ya juu hukaa na unyayo ardhini kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika dirisha hilo dogo lazima azuie mwili usizame, aurushe mbele na aondoke. Uzi wa taratibu, hata uwe mnene vipi, unafika kilele mguu ukiwa umeshaondoka hewani. Ni kama abiria aliyekuja stendi na mizigo yake yote, basi likiwa limetoka.

Unyayo wa mkimbiaji wa marathoni hukaa chini kwa karibu mara mbili ya muda huo. Basi lake linasubiri. Uzi wa taratibu unawahi, unafanya kazi yake kikamilifu, na hapo sifa yake ya pili inaanza kulipa: kwa kuwa mayosini yake hung'ang'ania kamba kwa muda mrefu kwa kila malipo, ATP moja inashikilia mvuto kwa muda mrefu zaidi. Ni wa gharama nafuu. Nyuzi za kasi zingeweza kumbeba Simbu kilomita za mwanzo bila shida, ila zingekula fedha ovyo, na mwenye kilomita arobaini mbele yake hawezi kuanza safari kwa matanuzi.

Fedha yenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. ATP iliyomo ndani ya msuli wakati wowote inatosha kazi ya nguvu zote kwa sekunde mbili hivi. Baada ya hapo lazima itengenezwe upya papo hapo. Njia ya haraka kuliko zote ni fosfokreatini, akiba inayoirudishia ATP uhai wake bila kusubiri oksijeni, lakini nayo hukaukia ndani ya sekunde chache. Inafuata njia ya kuvunja sukari ya msuli, yaani glaikojeni, bila oksijeni. Hii huanza mapema, ni ya haraka, na nyuzi za kasi zina vimeng'enya vyake kwa wingi. Njia ya mwisho, ya mitokondria, ni ya polepole lakini haina ukomo wa karibu.

Mbio za Usain Bolt za Berlin, Agosti 2009, zinaonyesha akiba hiyo ikipungua. Alimaliza kwa sekunde 9.58, na vipande vyake vya mita ishirini vilipimwa. Kati ya mita ya 60 na ya 80 alitumia sekunde 1.61. Kati ya 80 na 100 alitumia 1.66. Mtu mwenye kasi kuliko wote waliowahi kupimwa, katika siku yake bora, alikuwa anapungua kabla ya kumaliza. Watazamaji huapa kwamba bingwa huongeza gia mwishoni. Haongezi, anapungua kidogo kuliko wenzake.

Asidi laktiki, kwa bahati mbaya, imesingiziwa mengi katika habari hii. Maumivu ya misuli yanayomjia mtu kesho yake asubuhi akishindwa hata kushuka ngazi hayatokani nayo, kwa kuwa ndani ya saa moja au mbili baada ya mazoezi imekwisha kuondoka. Tena laktati inayomwagwa na nyuzi za kasi huchukuliwa na nyuzi za taratibu zilizo jirani, na moyo pia, ikachomwa kama kuni. Kinachomkamata mkimbiaji wa mita 400 pale mita ya 350, miguu ikawa kama ya mbao, ni mchanganyiko wa mambo, yakiwemo tindikali inayopanda na fosfeti inayorundikana kutokana na fedha iliyotumika haraka kuliko ilivyorudishwa.

Kwa mkimbiaji wa marathoni tatizo ni la hesabu nyingine. Kukimbia hugharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mkimbiaji wa kilo 56 atahitaji basi kama kilokalori 2,350. Misuli na ini lake vikiwa vimejaa glaikojeni, tuseme gramu 500 kwa jumla, vinampa kilokalori 2,000 tu. Pengo lazima lizibwe na mafuta ya mwilini na vinywaji vya sukari njiani, na mafuta hayachomeki ila ndani ya mitokondria. Mwenye nyuzi nyingi za taratibu huanza kuchoma mafuta pamoja na sukari tangu mwanzo, akiba ikafika. Mwenye nyuzi nyingi za kasi huimaliza sukari mapema, na karibu na kilomita ya 30 hukutana na kile ambacho wakimbiaji wanakiita ukuta. Hakuna aliyeuona ukuta huo akausahau: kichwa kinataka, mguu unakataa.

Lakini Simbu alikuwa na mapaja yaleyale ya kilomita 42, na bado akapiga mbio za ushindi. Alizitoa wapi?

Jibu linaanzia kwa Elwood Henneman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1957 alionyesha kwa paka kwamba misuli haiitwi kazini kiholela. Kila neva inayotoka uti wa mgongo inasimamia kundi la nyuzi, na nyuzi zote za kundi moja ni za aina moja. Makundi ya nyuzi za taratibu yana neva ndogo na nyuzi chache. Makundi ya kasi yana neva nene na nyuzi nyingi, wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Neva ndogo huamka kwa kichocheo kidogo. Kwa hiyo mtu anapotembea, ni za taratibu tu zinazofanya kazi. Akianza kukimbia, za IIa zinaongezwa. Akitimka kwa uwezo wake wote, ndipo za IIx zinapoitwa, na za mwanzo haziachishwi kazi. Zote zipo pamoja. Utaratibu huu una tabia ya mama mwenye nyumba anayetumia mkaa uliopo kabla ya kufungua gunia jipya.

Uzuri wake ni kwamba katika mbio ndefu nyuzi kubwa za kasi hubaki zimelala kwa muda mrefu, glaikojeni yao haijaguswa. Kadiri nyuzi za taratibu zinavyoishiwa, neva huamsha za IIa kusaidia kushikilia mwendo uleule. Mkimbiaji anaona kasi haijabadilika kwenye saa yake, ila juhudi imepanda, na hakosei: anavuta kwa kundi jipya la wafanyakazi. Atakayekuwa na nyuzi za akiba ambazo hazijaitwa hadi mita mia ya mwisho ndiye atakayekuwa na kitu cha kutoa. Mbio za Tokyo zilikwenda kwa tahadhari, kwenye joto na unyevu, dakika kadhaa nyuma ya zile saa 2:00:35 alizokimbia hayati Kelvin Kiptum mjini Chicago mwaka 2023. Mwendo kama huo huacha akiba zaidi, na ndiyo sababu mbio za ubingwa huishia mara nyingi kwa watu kufukuzana uwanjani kama vijana wa mita 400.

Swali ambalo wanafunzi huuliza kuliko yote ni kama mtu huzaliwa na nyuzi hizo au hujitengenezea. Kulijibu kulihitaji kwanza njia ya kuchungulia ndani ya paja la mtu aliye hai. Mnamo 1962 daktari wa Uswidi, Jonas Bergström, aliifanya sindano nene yenye tundu ubavuni kuwa chombo cha kuchukulia nyama ya misuli. Ngozi hutiwa ganzi, hukatwa kidogo kwa wembe wa hospitali, sindano huingizwa katika paja, na hutoka na kipande cha nyama kinachotosha kichwa cha njiti ya kiberiti. Waliofanyiwa husema si maumivu hasa, ni shinikizo zito lisilopendeza, kisha mguu huuma siku mbili tatu kama uliopigwa teke.

Sindano hiyo ilipopelekwa kwa wanariadha, David Costill na wenzake huko Marekani waliripoti mwaka 1976 kwamba katika kigimbi cha wakimbiaji bora wa masafa marefu nyuzi za taratibu zilikuwa wastani wa asilimia 79. Kwa wakimbiaji wa mbio fupi zilikuwa kama robo. Miaka ya baadaye Colin Jackson, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 110 kuruka viunzi, alikubali kutolewa kipande cha paja mbele ya kamera za televisheni. Karibu robo ya nyuzi zake zilikuwa IIx halisi, aina ambayo kwa watu wengi, hata wanariadha, hupatikana kwa kuokoteza.

Takwimu hizo zinapendeza mno, na ndiyo maana zinahitaji kutazamwa kwa jicho la pili. Wastani wa asilimia 79 ulificha watu walioachana mbali. Miongoni mwa hao wakimbiaji bora walikuwemo walio na nusu tu ya nyuzi za taratibu, na bado walikimbia pamoja na wenzao. Sindano nayo huchukua kijipande kimoja cha msuli ambao mchanganyiko wake hutofautiana kutoka juu hadi chini na kutoka nje hadi ndani. Anayesema ana asilimia 63 za kasi kwa kipimo kimoja anasema zaidi ya anavyojua.

Kuhusu kuzaliwa au kujitengenezea, ushahidi wa kwanza mkubwa ulitoka tena kwa paka. Mwaka 1960 John Eccles, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobeli kwa kazi nyingine ya neva, na wenzake walikata neva ya msuli wa kasi na ya msuli wa taratibu, wakazibadilishana. Neva zilipoota upya, msuli wa taratibu ukawa wa haraka na wa haraka ukapoa. Maana yake uzi hauna ukaidi wa kuzaliwa nao peke yake. Unafuata sauti ya neva inayouamrisha.

Kwa binadamu mtu hawezi kubadilishiwa neva, kwa hiyo kilichobaki ni mazoezi. Hapo ndipo Aina ya IIa inapoonyesha mambo yake. Kati ya IIx na IIa mlango uko wazi na hufunguka kwa majuma tu. Mazoezi yoyote mazito, ya kukimbia au ya vyuma, husukuma IIx kuelekea IIa. Watafiti wa Denmaki waliwapa vijana wasio na mazoezi miezi mitatu ya kunyanyua vyuma: IIx zao zikashuka kutoka asilimia 9 hadi 2. Wakaambiwa waache kabisa kwa miezi mitatu mingine, na IIx hazikurudi tu zilikotoka. Zilipanda hadi asilimia 17. Kwa hiyo mtu anayeshinda amekaa kwenye kochi ana nyuzi za kasi zaidi kuliko alipokuwa akijifua, na bado hakimbii popote, kwa kuwa nyuzi hizo zimesinyaa. Makocha wa mbio fupi wamelipata somo lao humo, nao hupunguza mazoezi majuma machache kabla ya mashindano.

Mlango kati ya Aina ya I na ya II ni mzito zaidi. Kwa muda mrefu wataalamu walisema umefungwa kabisa. Kisha mwaka 2018 ikachapishwa habari ya mapacha wawili wa kufanana wa Marekani, wenye umri wa miaka 52. Mmoja alikuwa amekimbia na kuendesha baiskeli kwa miaka thelathini. Mwingine alikuwa dereva wa lori. Katika paja la mkimbiaji nyuzi za taratibu zilikuwa karibu asilimia 95. Za ndugu yake, mwenye jeni zilezile, zilikuwa 40. Ni watu wawili tu, na haijulikani walianzia wapi utotoni, lakini pengo kubwa namna hiyo halielezwi na bahati. Inaelekea mlango unasukumika. Unataka miongo, si msimu mmoja.

Jeni lililopata umaarufu kuliko yote katika mambo haya linaitwa ACTN3. Hutengeneza protini inayoimarisha nyuzi za kasi pekee. Watu wenye nakala zote mbili zilizoharibika hawaitengenezi kabisa, nao hawaumwi chochote. Mwaka 2003 watafiti wa Australia waligundua kwamba wanariadha bora wa mbio fupi na wa nguvu katika nchi yao hawakuwa nao watu hao ila kwa nadra sana. Magazeti yakaliita jeni la kasi, na biashara ya kupima mate ya watoto ikaanza. Kumbe kati ya watu wa asili ya Ulaya walioikosa protini hiyo ni karibu mmoja katika sita, na miongoni mwa Wakenya ni kama mmoja katika mia. Yaani Kenya nzima, nchi ya marathoni, imejaa watu wenye jeni la kasi, na wamelitumia zaidi kukimbia kilomita 42. Aliyelipeleka kwenye mita 100 kwa kishindo ni Ferdinand Omanyala, aliyekimbia sekunde 9.77 uwanjani Kasarani mnamo Septemba 2021, muda uleule uliompa Seville dhahabu ya Tokyo. Jeni moja lililo karibu kwa kila mtu haliwezi kumtenganisha Omanyala na Kipchoge.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo lingefaa kufika hadi viwanja vya shule kabla ya mengine yote, na halihitaji sindano. Mwaka 2020, katika Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, vijana ishirini waligawanywa makundi mawili, wenye nyuzi nyingi za kasi na wenye nyingi za taratibu, kwa kipimo cha mashine ya sumaku kinachosoma kiasi cha kemikali moja ndani ya kigimbi. Wote walipiga baiskeli kwa nguvu zao zote kwa sekunde thelathini, wakarudia mara tatu. Kundi la kasi lilianza juu na likapoteza asilimia 61 ya nguvu zake. La taratibu likapoteza 41. Kisha wakaachwa wapumzike. Baada ya dakika ishirini misuli ya kundi la taratibu ilikuwa imerudi kama mwanzo. Ya kundi la kasi, saa tano baadaye, ilikuwa bado.

Katika shule nyingi timu inayojiandaa kwa UMISSETA hufanya mazoezi kwa ratiba moja. Wote huzunguka uwanja alfajiri, wote hukimbia vipande vya mita 200 jioni, na anayelegea siku ya tatu huitwa mvivu mbele ya wenzake. Mwalimu wa michezo mwenye saa ya mkononi na daftari anaweza kujichunguzia mwenyewe: ampime kila mmoja mita 30 akiwa amepumzika, arudie kipimo hicho asubuhi iliyofuata baada ya jioni ngumu, aandike pembeni na muda wake wa kilomita tatu. Wapo ambao namba ya mita 30 haitatikisika. Wapo waliokuwa wa kwanza jana ambao leo watakuwa wa sita, na hao akiwapa siku mbili za kupumzika badala ya kuwaongezea mizunguko, Alhamisi watakuwa wa kwanza tena. Kipimo hiki kina kasoro zake. Usingizi mbaya, malaria inayonyemelea au kulala bila kula humshusha mtu vilevile, na aliyebalehe mapema huwashinda wenzake mbio fupi kwa ukubwa wa mwili tu, hata nyuzi zake zikiwa za marathoni. Kwa hiyo vipimo virudiwe majuma matatu au manne kabla ya mtu kupangiwa mbio zake, na virudiwe tena mwaka unaofuata, darasa zima likiwa limeshalingana kimo.